Naye Fulani Anasema: Maradhi ya Sura ya Pili

Ingia katika maktaba ya chuo kikuu chochote nchini Tanzania, chukua tasnifu kumi za uzamili zilizoandikwa kwa Kiswahili, kisha nenda moja kwa moja Sura ya Pili. Katika nyingi utakutana na kibwagizo kilekile. Aya inaanza kwa jina la mtaalamu na mwaka. Zinafuata sentensi mbili tatu za alichokichunguza na alichokigundua. Halafu mwandishi anagonga muhuri: kazi hii ni muhimu kwa kuwa imetusaidia kuielewa mada yetu, hata hivyo, mtaalamu huyu hakuchunguza kile tunachokichunguza sisi. Aya inayofuata inaanza na “Naye fulani anasema”, na kibwagizo kinarudi. Kurasa ishirini, wataalamu thelathini, na “hata hivyo” thelathini.

Sura hiyo ndiyo inayoitwa mapitio ya maandiko, au mapitio ya kazi tangulizi. Kazi yake ni kumwambia msomaji ujuzi kuhusu jambo fulani umefika wapi: lipi limethibitika, lipi bado linabishaniwa na kwa nini, na ni wapi ambapo hakuna aliyechimba. Sasa mwulize aliyeandika zile kurasa ishirini, “Kwa hiyo, watafiti wanakubaliana juu ya nini?” Mara nyingi atarudi kuanza orodha upya. Amesoma kweli, hilo halina ubishi. Lakini kila kitabu amekisoma peke yake, akakifunga, akafungua kingine.

Ipo njia rahisi ya kuyapima maradhi haya. Chukua aya za sura hiyo uzichanganye: ya tano iwe ya kwanza, ya kumi iwe ya pili. Kama baada ya hapo sura inasomeka vilevile, basi hapakuwa na hoja iliyokuwa ikijengwa, maana hoja haivumilii kupanguliwa. Njia nyingine ni kusoma sentensi ya kwanza tu ya kila aya. Kama zote zinaanza na jina la mtu, unachosoma ni mahudhurio.

Hakimu anapoandika hukumu haandiki hivyo. Mashahidi huja mbele yake mmoja mmoja, lakini hukumu hupangwa kwa hoja zinazobishaniwa: je, mshtakiwa alikuwapo siku ile? Je, mali ilikuwa ya nani? Chini ya kila swali hakimu huwaita mashahidi wote wenye la kusema, huwapambanisha, huonyesha ni nani alishuhudia kwa macho na nani alisimuliwa, kisha hutoa uamuzi. Shahidi mmoja anaweza kutajwa chini ya hoja tatu, na mwingine asitajwe kabisa. Mapitio ya kimada, yaani yaliyopangwa kwa hoja badala ya majina, hufanya kazi hiyohiyo.

Tuchukue mfano halisi. Mwanafunzi anataka kutafiti lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Hali anayoikuta inajulikana: tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyingine, yanageuka kuwa ya Kiingereza. Maandiko juu ya jambo hili ni mengi, na hapa nitayachukua machache tu ambayo kila anayegusa mada hii hukutana nayo.

La kwanza ni utafiti wa Penina Mlama na May Matteru, uliofanywa kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa na kuchapishwa mwaka 1978, kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. La pili ni ripoti ya mwaka 1984 ya wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliopima kiwango cha Kiingereza katika shule na vyuo. La tatu ni kitabu cha Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro cha mwaka 1997 kuhusu mgogoro wa lugha nchini. Halafu kuna uchunguzi wa Halima Mwinsheikhe katika madarasa ya sayansi, uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2002, pamoja na maandiko ya mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka huohuo ukiwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, Birgit Brock-Utne na Martha Qorro wakiwa miongoni mwao. Casmir Rubagumya aliandika mwaka 2003 juu ya shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza na wazazi wanaozikimbilia. Na mwaka 2005 Åsa Wedin, mtafiti kutoka Uswidi, alichapisha makala yake kuhusu shule za msingi za Karagwe, mkoani Kagera.

Kwa mtindo wa “naye fulani”, mwanafunzi wetu angeandika hivi:

“Mlama na Matteru (1978) walichunguza matumizi ya Kiingereza katika elimu na kugundua kuwa wanafunzi hawakimudu. Walipendekeza Kiswahili kitumike. Hata hivyo, hawakuchunguza hali ya sasa. Naye Criper na Dodd (1984) walipima kiwango cha Kiingereza na kugundua kuwa kipo chini. Walipendekeza ufundishaji wa Kiingereza uimarishwe. Hata hivyo, hawakuchunguza wilaya yetu. Nao Roy-Campbell na Qorro (1997) wanasema kuwa kuna mgogoro wa lugha. Walipendekeza Kiswahili kitumike.”

Hakuna uongo hapo. Lakini jambo zito kuliko yote limepita mbele ya macho ya mwandishi bila kuonekana. Watafiti wa mwaka 1978 na wa mwaka 1984 waliona ugonjwa uleule, kisha wakaandika dawa mbili zinazopingana. Mapendekezo hayo yamekaa katika aya mbili jirani, na hakuna sentensi hata moja inayouliza ilikuwaje.

Kuliona hilo hakuhitaji kipaji. Kunahitaji jedwali. Chukua karatasi kubwa, au fungua jedwali kwenye kompyuta. Kila kazi uliyoisoma ipe mstari wake unaokwenda kulia. Juu, kila safu ipe swali. Kwa mada yetu maswali yangekuwa kama haya: alikwenda wapi na kwa wanafunzi wa ngazi gani, alipima kwa njia gani, aliona nini kuhusu uwezo wa lugha, aliona nini darasani, alipendekeza nini, na nani alimtuma au kulipia kazi. Kila chumba kijaze maneno machache, na usisahau namba ya ukurasa, maana bila hiyo utarudi maktaba mara ya pili kutafuta sentensi uliyokwisha kuisoma. Chumba kisicho na jibu kiache wazi. Usikijaze kwa kubahatisha, kwa sababu vyumba vitupu vitakuwa na kazi yake baadaye.

Wengi hufika hapo na kukosea hatua inayofuata. Wanalijaza jedwali vizuri, kisha wanaliandika kwa kufuata mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kazi moja baada ya nyingine, na wanajikuta wamerudi kwenye orodha ileile. Jedwali linasomwa kwa kushuka. Shika safu moja, funika nyingine, soma kutoka juu hadi chini: kuhusu swali hili, wote hawa wanasema nini?

Tushuke na safu ya uwezo wa lugha. Mlama na Matteru wanasema wanafunzi hawakimudu Kiingereza cha kujifunzia. Criper na Dodd, waliotumia majaribio ya kujaza maneno yaliyoondolewa katika vifungu vya habari, wanasema ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia ndipo elimu kwa Kiingereza ianzie. Yaani baada ya miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa tayari kuanza. Roy-Campbell na Qorro wanafikia hitimisho la aina hiyohiyo miaka kumi na mitatu baadaye, na Mwinsheikhe anawakuta walimu wa sayansi wakigeukia Kiswahili ili waeleweke. Safu nzima inakubaliana. Waliotumwa na chombo cha kukuza Kiswahili na waliotoka Uingereza, waliotumia majaribio na waliokaa nyuma ya darasa kusikiliza, wote wanasema jambo moja.

Sasa shuka na safu ya mapendekezo. Hapo umoja unavunjika. Mlama na Matteru, Roy-Campbell na Qorro, pamoja na watu wa LOITASA, wanataka Kiswahili kifundishie na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Criper na Dodd, wenye ile asilimia 10 mkononi, wanataka Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Ukiziweka safu mbili hizo bega kwa bega, mada ya kwanza ya mapitio yako imejiandika: mgogoro huu hauko katika ushahidi, uko katika kile kinachotolewa kutokana na ushahidi. Safu ya mwisho, ya aliyetuma na kulipia, inaongeza neno. Utafiti wa mwaka 1978 ulitoka kwa baraza lililoundwa kukuza Kiswahili. Ripoti ya mwaka 1984 ilikuwa ya wataalamu wa nchi yenye lugha yake katika jambo hili, na ilifuatwa na mradi wa Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari. Kusema hivyo si kumtuhumu mtu. Ni kumpa msomaji habari anayohitaji ili apime mapendekezo, na habari hiyo inagusa pande zote mbili kwa usawa.

Aya ya mwanafunzi wetu sasa inaweza kusomeka hivi:

“Kwamba wanafunzi wa sekondari hawakimudu Kiingereza kwa kiwango cha kujifunzia ni jambo lisilobishaniwa tena. Watafiti waliotumwa na vyombo tofauti na waliotumia njia tofauti wamelithibitisha kwa zaidi ya miongo miwili (Mlama na Matteru 1978, Criper na Dodd 1984, Roy-Campbell na Qorro 1997, Mwinsheikhe 2002). Kinachobishaniwa ni dawa. Wengi wao wanaona kuwa lugha isiyoeleweka haiwezi kuwa chombo cha kujifunzia, hivyo ibadilishwe. Criper na Dodd wanachukulia kuwa Kiingereza kitakuwa imara kwa kutumiwa zaidi na kufundishwa vizuri zaidi. Tofauti hiyo haitokani na takwimu zao. Inatokana na wanavyoelewa kazi ya shule: ni mahali pa kujifunza masomo, au ni mahali pa kupatia lugha?”

Angalia kilichotokea kwa majina. Hayajapotea, yamehamia kwenye mabano, na katikati ya sentensi limekaa jambo lenyewe. Jina lililobaki nje ya mabano ni la yule anayesimama peke yake, kwa sababu hapo msomaji anahitaji kujua ni nani. Kazi nne zimeingia katika sentensi moja, na hakuna iliyodhulumiwa. Na ile sentensi ya mwisho, yenye swali, haimo katika kitabu chochote kati ya hivyo. Ni ya mwanafunzi. Ameipata kwa kuviweka vitabu pamoja, na hiyo ndiyo maana ya usanisi: kutoa kauli ambayo hakuna chanzo hata kimoja kilichoitoa, lakini vyote kwa pamoja vinaibeba.

Wapo wanaodhani usanisi ni suala la viunganishi. Wanachukua orodha yao na kunyunyiza “vilevile”, “kwa upande mwingine” na “sambamba na hilo”, wakitumaini aya zitashikana. Hazishikani. Neno “vilevile” linadai kuwa kauli mbili zinafanana. Kama hujasema zinafanana katika nini, umeahidi kitu usichokitoa. Na “naye” ndilo neno la kuliangalia kwa makini kuliko yote. Likitokea mwanzoni mwa aya, mara nyingi mwandishi ameshindwa kupata uhusiano kati ya kazi mbili, akaziunganisha kwa kiambishi.

Tuje kwenye mada ya pili, maana hapo ndipo njia hii inapoonyesha nguvu zake. Ni safu ya yanayotokea darasani. Watafiti wa sekondari wanasimulia picha inayofanana: mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, darasa linanyamaza, au linajibu kwa pamoja neno moja ambalo mwalimu ameliacha wazi mwishoni mwa sentensi. Akiuliza kwa Kiswahili, mikono inanyooshwa. Majaribio ya kufundisha mada ileile kwa Kiingereza kwa kundi moja na kwa Kiswahili kwa kundi jingine, yaliyofanywa na Mwinsheikhe na wenzake wa LOITASA, yanaunga mkono picha hiyo. Ukiishia hapo, hitimisho linaonekana wazi: Kiingereza kinawanyamazisha wanafunzi, Kiswahili kinawafungua.

Lakini katika jedwali letu yumo Wedin. Yeye alikaa katika madarasa ya shule za msingi Karagwe, ambako lugha ya kufundishia ni Kiswahili na lugha ya nyumbani ni Kinyambo. Alichokiona ni majibu ya pamoja, watoto kurudia maneno ya mwalimu, na mazungumzo yanayofuata njia salama ili mwalimu na mwanafunzi wote wasiumbuke. Picha ileile ya sekondari, isipokuwa hapa lugha inayowafunga watoto ni Kiswahili.

Katika orodha ya majina, Wedin angepewa aya yake karibu na mwisho, pamoja na kibwagizo: hata hivyo, mtafiti huyu alichunguza shule za msingi, na sisi tunachunguza sekondari. Angeagwa kwa heshima na kusahauliwa. Katika safu ya darasani hawezi kuagwa, kwa sababu anaitikisa kauli iliyokuwa imekubalika. Mwanafunzi analazimika kuiandika upya: kinachomnyamazisha mtoto huenda si Kiingereza kwa kuwa ni Kiingereza, ni umbali kati ya lugha ya darasani na lugha anayoimudu. Kwa kijana wa Dar es Salaam umbali huo unaanza kidato cha kwanza. Kwa mtoto wa Karagwe unaanza siku ya kwanza ya shule, na akifika sekondari anavuka mto wa pili. Hoja za kutetea Kiswahili kama lugha inayojulikana na wote zinahitaji kusemwa kwa tahadhari zaidi, na msomaji wa mapitio anastahili kuambiwa hivyo hata kama mwandishi, kama mimi, anaunga mkono Kiswahili.

Ndiyo maana nasema kazi inayopingana na nyingine ni mali. Orodha huificha, kwa kuwa katika orodha kila mtu ana nyumba yake na hakuna anayegombana na jirani.

Hapo pia ndipo penye hatari ya kuhesabu kura. Mtu aliyejifunza kukusanya kazi chini ya hoja moja hufurahia mabano marefu: majina manane yanasema hivi, mawili yanasema vile, basi manane yameshinda. Kabla ya kuhesabu, uliza mashahidi hao wanahusianaje. Maandiko ya LOITASA ni mengi, vitabu kadhaa na makala nyingi, lakini yametoka katika mradi mmoja, na baadhi yanazungumzia majaribio yaleyale ya darasani. Martha Qorro ni mwandishi mwenza wa kitabu cha mwaka 1997 na pia ni mmoja wa viongozi wa LOITASA. Hilo haliondoi thamani ya kazi hizo. Linamaanisha tu kwamba makala tano za mradi mmoja hazina uzito wa tafiti tano zilizofanywa na watu wasiofahamiana. Kinyume chake, Criper na Dodd kuafikiana na Mlama na Matteru kuhusu kiwango cha Kiingereza ni ushahidi mzito sana, ingawa ni kazi mbili tu, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kusaidiana.

Hatari nyingine ni nukuu ya mkono wa pili. Ile asilimia 10 ya mwaka 1984 imenukuliwa mara nyingi, na wengi wanaoinukuu hawajaiona ripoti yenyewe. Wameitoa kwa aliyeitoa kwa mwingine. Kwenye jedwali utaligundua hilo mapema: chumba cha namba ya ukurasa kitakuwa kitupu, au kitakuwa na ukurasa wa kitabu cha mtu mwingine. Tafuta chanzo. Ukikikosa, andika kwa uwazi kwamba umenukuu kupitia kwa fulani. Na usichanganye vipimo: jaribio la kujaza maneno na maoni ya mtafiti aliyekaa darasani hayapimi kitu kimoja. Yanaweza kuafikiana, lakini hayawezi kujumlishwa.

Mada zenyewe zinapatikanaje? Swali hili huwasumbua wanafunzi kuliko linavyostahili. Wengine huanza na vichwa vya habari walivyovifikiria kabla ya kusoma: “Lugha na Elimu”, “Sera ya Lugha”, “Nafasi ya Kiingereza Duniani”. Hivyo ni vyungu vya kutupia chochote. Kipimo changu ni hiki: mada nzuri inaweza kuandikwa kama sentensi kamili ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuipinga. “Sera ya lugha” haipingwi na mtu. “Wazazi wanakitaka Kiingereza kwa sababu wanaona ndicho kinachofungua mlango wa ajira, wala si kwa sababu wanaamini mtoto ataelewa zaidi” inaweza kupingwa, na chini yake Rubagumya (2003) anapata nafasi yake ya haki, kwa maana anaitazama lugha kama mali inayouzwa na kununuliwa, na anasaidia kueleza kwa nini ushahidi wa miaka mingi haujabadili matakwa ya wazazi. Kwa mapitio ya tasnifu ya uzamili, mada tatu hadi tano zinatosha. Zikifika tisa, zichunguze. Huenda umerudi kwenye orodha, ila safari hii umeipa vichwa vya habari.

Mpangilio wa kufuata miaka nao haujapigwa marufuku. Upo mahali pake, hasa pale ambapo kila tukio limezaliwa na lililotangulia. Historia ya sera ya lugha haiwezi kusimuliwa vinginevyo: uamuzi wa mwaka 1967, tume ya rais chini ya Jackson Makweta iliyopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari, serikali kukataa pendekezo hilo, kisha sera ya elimu ya mwaka 2014 iliyokiruhusu Kiswahili katika ngazi zote kwenye karatasi. Hapo wakati ndio hoja. Kosa ni kuutumia wakati pale ambapo hausemi chochote, kwa kuwa tu mwaka 1978 unatangulia mwaka 1984.

Lililobaki ni pengo la utafiti, na hapa ndipo kibwagizo cha “hata hivyo” kinapoleta madhara makubwa. Kila aya inapoishia kwa kusema mtaalamu huyu hakuchunguza wilaya yetu, tasnifu inapata mapengo thelathini yasiyo na maana. Ni kweli Criper na Dodd hawakuchunguza wilaya yako mwaka 1984. Hawakuchunguza pia bei ya samaki. Kutochunguzwa hakutoshi kuwa pengo. Lazima uonyeshe kwamba bila jibu hilo kuna jambo katika mjadala haliwezi kuamuliwa.

Rudi kwenye vyumba vitupu vya jedwali. Katika kazi tulizoziorodhesha, safu ya shule za sekondari ina wanafunzi wanaochukuliwa kuwa wanakimudu Kiswahili, na safu ya watoto wenye lugha nyingine nyumbani ina shule za msingi. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana, yaani kijana wa kidato cha kwanza ambaye Kiswahili chenyewe alikijifunza shuleni, hapana kitu. Na suala hilo lina uzito: kama majaribio ya kufundisha kwa Kiswahili yangerudiwa kwa vijana wa namna hiyo, yangetoa faida ileile? Jibu likiwa ndiyo, hoja ya Kiswahili inapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Likiwa hapana, sera inahitaji kufikiriwa upya. Mwanafunzi atalazimika kutafuta zaidi ya kazi hizi chache kabla ya kutangaza kuwa pengo lipo kweli, lakini sasa anajua anatafuta nini, na pengo lake atalisema mara moja tu, mwishoni mwa sura, likiwa limejengwa na kurasa zote zilizotangulia.

Njia hii ina gharama, na si vyema kuificha. Jedwali la kazi arobaini linachukua wiki kadhaa kulijaza kwa uaminifu, na katikati utagundua swali jipya litakalokulazimu kuzirudia kazi ulizokwisha kuzipitia. Zitakuwapo pia kazi ulizozisoma kwa jasho ambazo haziingii katika hoja yoyote. Ziondoe. Inauma, hasa pale msimamizi anapopima juhudi kwa urefu wa marejeo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wasimamizi kabla ya wanafunzi. Mwanafunzi akija na rasimu ya Sura ya Pili, msimwulize amesoma kazi ngapi. Mwombeni kwanza lile jedwali, kisha aseme kwa mdomo, bila kutaja jina la mtu yeyote, mambo matatu ambayo watafiti wanakubaliana na moja wanalogombania. Akiweza, mruhusuni aandike. Asipoweza, arudi kwenye jedwali. Kuongeza vitabu vingine kumi hakutamsaidia.